Mwongozo kamili: Kumwomba meneja afafanue maelekezo bila kumwonyesha kwamba aliyatoa vibaya

Watu wengi hukwama mahali palepale. Wanaingia kwa meneja na swali la haki kabisa, wanatoka na jibu la mkato. Mara ya pili hawaulizi tena: wanabahatisha, na kazi inarudishwa. Nimeona jambo hili likijirudia kwa watu hodari, wenye adabu, ambao hawakukosea kuuliza. Walichokosea ni kulielekeza swali kwenye maneno ya meneja, wakati lilipaswa kuelekezwa kwenye kazi.

Mwongozo huu unafundisha njia moja tu: kupeleka uelewa wako ili usahihishwe, badala ya kwenda mikono mitupu ukaomba uelezwe upya. Tutaufuata kwa kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Kisa chenyewe ni hiki. Uko kitengo cha huduma kwa wateja. Jumatatu saa 4 asubuhi meneja anasimama mlangoni na kusema: “Naomba uniandalie kitu kuhusu malalamiko ya wateja. Kisiwe kirefu sana. Nitakihitaji kwa ajili ya kikao.” Kisha anaondoka.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Maneno ya meneja kama yalivyotoka kinywani mwake, yakiwa yameandikwa.
- Dakika 15 za peke yako kabla hujamuuliza mtu yeyote.
- Kazi moja ya zamani inayofanana na hii, ambayo meneja huyohuyo aliipokea bila kuirudisha.
- Taarifa ghafi za kazi. Hapa ni faili la malalamiko. Huhitaji kulichambua bado, lifungue tu uone lina nini.
- Ratiba ya vikao vya wiki.
- Njia ya kumwandikia meneja baada ya mazungumzo, iwe barua pepe au meseji.

## Hatua ya 1: Andika alichosema, usiandike ulichoelewa

Ndani ya dakika 5, andika sentensi zake zote. Andika pia mazingira: alikuwa anatoka wapi, alikuwa na nani, alitaja jina la nani.

Sababu ni kwamba kichwa hubadilisha maneno upesi. Baada ya saa moja utaapa kwamba alisema “ripoti”, kumbe alisema “kitu”. Ukimuuliza kuhusu “ile ripoti”, atakusahihisha kabla hata hujafika kwenye swali, na mazungumzo yataanza vibaya.

Umefaulu ikiwa karatasi yako haina neno hata moja uliloliongeza wewe.

## Hatua ya 2: Tafuta maneno yanayoigawa kazi

Pitia sentensi hizo, na kwa kila neno jiulize: je, watu wawili wenye akili timamu wangeweza kufanya kazi mbili tofauti kwa neno hili?

“Kitu” kinaweza kuwa ripoti, slaidi chache, au hoja za kusemea mdomoni. “Malalamiko” yanaweza kuwa yote yaliyopokelewa, au yale tu ambayo hayajatatuliwa. Hakutaja kipindi. “Kisiwe kirefu” kwa mmoja ni ukurasa mmoja, kwa mwingine ni kurasa 5. “Kikao” hakina siku wala wahusika. Na jambo kubwa kuliko yote halikutajwa kabisa: huko kwenye kikao, kitu hiki kitafanya kazi gani?

Hayo ni mapengo 6. Usiyapeleke yote. Yapitishe kwenye chekecheke moja: nikikisia vibaya, nitapoteza muda gani kurekebisha? Pengo linalorekebishika chini ya nusu saa, liamue mwenyewe. Ukichagua miezi 3 na yeye alitaka mwezi mmoja, utabadilisha kichujio kwenye faili na kuhesabu upya, basi. Lakini ukiandaa ripoti ya kusomwa na yeye alitaka hoja za kusemea, umepoteza siku nzima.

Kwa kisa chetu yanabaki matatu: umbo la kazi, kikao ni kipi, na kitatumika kufanyia nini.

Onyo: usizidi maswali matatu. Maswali saba yenye adabu, yakiwekwa pamoja, huwa orodha ya makosa ya mtu mwingine hata kama hakuna hata moja linalolaumu. Meneja hatakumbuka upole wako, atakumbuka idadi.

## Hatua ya 3: Jaza mwenyewe kinachojazika

Sasa angalia ratiba. Wiki hii kuna vikao viwili: cha wakuu wa idara Alhamisi saa 3 asubuhi, na cha kitengo chenu Ijumaa. Pengo lililokuwa wazi kabisa sasa lina majibu mawili tu. Fungua kazi ya zamani aliyoipokea: ilikuwa kurasa mbili na jedwali moja. Umbo nalo limeanza kuonekana.

Unaweza kumuuliza mwenzako pia, ila chunga swali lenyewe. “Mara ya mwisho ulimpelekea kwa umbo gani?” ni swali la kazi. “Hivi bosi alikuwa anamaanisha nini?” ni umbea unaosubiri kumfikia, na utamfikia ukiwa umekuzwa.

Umefaulu ikiwa maswali yako mengi sasa yanaweza kuandikwa yakiwa na majibu mawili ya kuchagua. Swali lenye “hiki au kile” humwonyesha meneja kwamba umeshafanya kazi. Swali lililo wazi kabisa humrudishia yeye kazi yote.

## Hatua ya 4: Andika uelewa wako kwa sentensi moja

Kabla ya kuandika, elewa kwa nini maelekezo hutoka na mapengo, kwa sababu sauti yako itafuata unachoamini. Mwaka 1990, Elizabeth Newton, aliyekuwa mwanafunzi wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliwapa watu kazi ya kugonga meza kwa mdundo wa wimbo unaojulikana ili wengine wautambue. Wagongaji walitabiri kwamba wasikilizaji wangepatia nusu ya nyimbo. Kati ya nyimbo 120, zilitambuliwa 3. Mgongaji anasikia wimbo mzima kichwani mwake, msikilizaji anasikia ko-ko-ko juu ya meza. Meneja wako anausikia wimbo. Ametoka kwenye mazungumzo ambayo wewe hukuwemo, na kwake “kikao” ni kimoja tu duniani. Hakuzembea, na ungekuwa mahali pake ungesema vilevile.

Sasa andika sentensi inayoanza na “Nimeelewa hivi”:

“Nimeelewa hivi: muhtasari wa kurasa mbili wa malalamiko ya miezi mitatu iliyopita, kwa kikao cha wakuu wa idara cha Alhamisi, ukionyesha zaidi yale ambayo hayajatatuliwa.”

Ona vilivyomo: umbo, urefu, kipindi, watakaouona, siku, na mkazo. Baadhi umevikisia, na ndivyo inavyotakiwa. Mtu mwenye shughuli nyingi hupata shida kutunga maelezo mapya, lakini kusahihisha kisicho sawa kilichowekwa mbele yake humchukua sekunde chache. Kisio lako lililokosea litakuletea jibu haraka kuliko swali lako zuri.

Pia sentensi hii inaweka kosa lolote upande wako bila kujidhalilisha. Kama si sahihi, ni uelewa wako unaosahihishwa. Marubani hufanya hivi kila siku: mnara wa kuongozea ndege ukitoa maelekezo, rubani huyarudia, na aliyeyatoa husikiliza kama yamefika sawasawa. Hakuna anayechukulia kwamba ametukanwa.

Onyo: usianze na “Kwa hiyo ulimaanisha kwamba...”. Hapo umeacha kueleza uelewa wako, umeanza kufasiri maneno yake.

## Hatua ya 5: Tunga maswali yanayotazama mbele

Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Kiswahili chenyewe kina zana za kazi hii, ukijua kuzichagua.

### Ondoa “u-” ya wakati uliopita

“Hukusema”, “ulimaanisha”, “ulitaka”, “hukutaja”. Maneno haya yote yanamrudisha meneja pale mlangoni, dakika ile aliyozungumza, na kumtaka ajieleze. Hata ukitabasamu, kitenzi kimeshamnyooshea kidole. Mpe kazi nafasi ya mtenda: “Muhtasari uishie mwezi gani?” Hapo hakuna aliyesahau kitu. Kuna muhtasari tu, na mwezi wake.

### Tumia “ni-...-e”

“Nianze na yale yasiyotatuliwa, au niweke yote?” Umbo hili linaomba ruhusa ya kitendo ambacho hakijafanyika. Kosa haliwezi kukaa kwenye jambo ambalo bado halijatokea. Ningetakiwa kumwachia mtu ushauri mmoja tu kutoka mwongozo huu, ningemwachia huu: kila swali lako ligeuze liwe “ni-...-e”.

### Tumia “niki-” unapokuwa na pendekezo

“Nikiyapanga kwa aina ya tatizo, itafaa?” Swali hili linajibiwa kwa ndiyo au hapana, na mara nyingi “hapana” yake hufuatwa na maelezo uliyokuwa unayatafuta.

### Uliza shabaha, acha “kwa nini”

“Kwa nini unakihitaji?” linasikika kama unapima kama kazi inastahili. “Wakuu wa idara watakuwa wanaamua jambo gani siku hiyo?” linatafuta kitu hichohicho, ila macho yako kwenye kikao. Katika maswali yote, hili ndilo lenye faida kubwa, na utaona hapo chini lilivyogeuza kisa chetu.

### Maneno ya kuacha nyumbani

“Hayako wazi”, “nimechanganyikiwa” na “sijaelewa” yanaeleweka sababu yake ya kuachwa. La kushangaza kidogo ni “naomba ufafanuzi”. Lina heshima ya kiofisi, lakini linatangaza kwamba kilichotangulia kilipungukiwa. Ndiyo, mwongozo huu wenyewe unahusu ufafanuzi, ila neno hilo libaki kati yetu. Kwa meneja sema unahakiki mwelekeo, au unapanga kazi.

Punguza “samahani”. Moja inatosha, na mara nyingi hata hiyo haihitajiki. “Samahani sana kwa usumbufu, najua una kazi nyingi, lakini...” humfanya msikilizaji ajiandae kupokea lawama.

Na usisifu. “Maelekezo yako yalikuwa mazuri sana, ila...” Hiyo “ila” inafuta sifa yote na kuacha tathmini. Usiyatathmini maelekezo kabisa, kwa wema wala kwa ubaya.

### Mifano ya kubadilisha

Badala ya “Hukusema ni kikao kipi”, sema: “Niulenge kikao cha Alhamisi cha wakuu wa idara, au cha Ijumaa cha kitengo?”

Badala ya “Kisiwe kirefu ni kiasi gani hasa?”, sema: “Nikiishia kurasa mbili, itatosha?” Lile la kwanza limeyanukuu maneno yake na kuyaweka kwenye mizani. Kunukuu maneno ya mtu ndani ya swali ni kumwonyesha kasoro yake hata kama hukukusudia.

Badala ya “Unataka ripoti au nini?”, sema: “Niuandike wa kusomwa, au niupange kwa hoja za kusemea?”

Umefaulu ukiyasoma maswali yako kwa sauti na usimkute meneja akitenda chochote katika wakati uliopita.

## Hatua ya 6: Chagua wakati na mahali

Uliza kabla robo ya muda wako haijaisha. Katika kisa chetu una siku tatu kasoro saa moja, kwa hiyo swali liende Jumatatu ileile mchana. Swali la Jumatatu ni la mtu anayepanga kazi. Swali lilelile likiulizwa Jumatano jioni linasikika kama kisingizio, na meneja atajiuliza ulikuwa unafanya nini siku zote hizo.

Lakini usiulize palepale mlangoni pia, isipokuwa kama anasafiri na hutampata tena. Dakika ile ya kwanza bado hujui usichokijua. Utauliza jambo lililoko kwenye ratiba, na utakuwa umetumia nafasi yako kwa swali dogo.

Usiulize mbele ya watu. Mbele ya hadhira, swali zuri huwa mtihani, na aliyeulizwa hulinda heshima yake kabla ya kutafuta jibu. Kama ni jambo la “hiki au kile” tu, meseji inatosha. Kama unahitaji kujua shabaha, nenda ana kwa ana, maana watu husema kwa mdomo mambo wasiyoyaandika.

## Hatua ya 7: Uliza

Taja muda unaouomba, toa sentensi yako ya “Nimeelewa hivi”, kisha swali moja moja. Mazungumzo yenyewe yanaweza kwenda hivi:

— Bosi, nimeanza kupanga ule muhtasari wa malalamiko. Naomba dakika mbili nihakiki mwelekeo kabla sijaenda mbali.

— Haya, nakusikiliza.

— Nimeelewa hivi: kurasa mbili, malalamiko ya miezi mitatu, kwa kikao cha Alhamisi cha wakuu wa idara, mkazo uwe kwenye yasiyotatuliwa.

— Alhamisi, ndiyo. Lakini kurasa mbili ni nyingi, nimepewa dakika tano tu za kuzungumza.

— Sawa, ukurasa mmoja. Wakuu wa idara watakuwa wanaamua jambo gani siku hiyo?

— Nataka tuongezewe mtu wa zamu ya jioni. Wao wanaona watu tulionao wanatosha.

— Basi nikiyapanga kwa saa yalipoingia, badala ya kwa aina, itafaa zaidi?

— Hapo ndipo penyewe.

Angalia kilichotokea. Sentensi ya “Nimeelewa hivi” ilikuwa na makosa mawili, urefu na mkazo. La kwanza alilisahihisha bila kuulizwa. La pili hakuliona, likafichuka kwa swali la shabaha. Bila swali hilo ungeandaa ukurasa safi kabisa, wenye hesabu sahihi, usiomsaidia kitu.

Maonyo mawili. Akikusahihisha, usiseme “Aa, kumbe!” Neno “kumbe” linasema kwamba hadi sasa uliaminishwa jambo jingine, na aliyekuaminisha ni yeye. Sema “Sawa” na urudie kipya: “Sawa, ukurasa mmoja.” La pili, jibu likipatikana, nyamaza na uondoke. Wengi hushinda swali kisha huharibu kwa kueleza jinsi walivyokuwa wamekwama.

Umefaulu ikiwa meneja ametaja jambo ambalo hakulisema mlangoni, na hakuna aliyetamka kwamba hakulisema.

## Hatua ya 8: Funga kwa maandishi

Siku hiyohiyo, andika ujumbe mfupi:

“Bosi, asante kwa muda wako. Ninaendelea hivi: ukurasa mmoja wa malalamiko ya miezi mitatu, yakiwa yamepangwa kwa saa yalipoingia, kwa kikao cha Alhamisi saa 3 asubuhi. Kesho mchana nitakuletea jedwali la kwanza, na ukurasa kamili Jumatano saa 6 mchana.”

Sababu ni mbili. Sasa kazi ina maelekezo kamili yaliyoandikwa, na yameandikwa na wewe, si kwa kumlazimisha yeye. Pili, kama kuna kitu bado hakijakaa sawa, atakiona akiwa ametulia.

Epuka “kama ulivyoelekeza” na “kama tulivyokubaliana”. Maneno hayo hutumiwa na watu wanaokusanya ushahidi, na meneja anayajua. Usimnakili mtu mwingine kwenye ujumbe huu, kwa sababu hiyohiyo. “Ninaendelea hivi” linatosha: linaonyesha mwendo, na linamwachia nafasi ya kukusimamisha.

Kimya chake ukichukulie kuwa kibali pale tu ambapo kosa linarekebishika. Kama kosa litakuwa ghali, ongeza swali moja la ndiyo au hapana na usubiri jibu.

## Hatua ya 9: Peleka kipande kabla ya kazi nzima

Jumanne mchana peleka jedwali peke yake, bila maelezo. Tuseme faili lina malalamiko 214, na 131 kati yake yaliingia baada ya saa 11 jioni. Mistari michache ya namba inatosha kumwonyesha meneja kama hoja yake inasimama.

Kuna mambo ambayo hata yeye hayajui hadi ayaone. Hakuna swali linaloweza kuyatoa, ila mfano huyatoa. Mimi mwenyewe, kazi moja ya awali, niliandika kurasa 18 kwa siku mbili nikiwa na hakika nimeelewa. Meneja wangu alikuwa anatafuta namba tatu za kuweka kwenye slaidi. Tulikuwa tumezungumza vizuri na niliuliza maswali yangu yote. Nisichofanya ni kumwonyesha ukurasa wa kwanza.

Kama namba hazikubaliani na hoja, huu ndio wakati wa kusema, siku mbili kabla ya kikao: “Yaliyoingia jioni ni machache kuliko ya asubuhi. Niendelee na mpangilio huu, au nitafute kipimo kingine?” Usizipinde namba zikubaliane na shabaha uliyoambiwa.

Umefaulu ikiwa anagusa mambo madogo, kichwa cha safu au mpangilio wa mistari. Akigusa mwelekeo, rudi Hatua ya 4 na uandike sentensi upya. Bado una muda.

## Mambo yanayoharibika, na la kufanya

Anajibu “Tumia busara yako.” Hii ni ruhusa, ipokee hivyo. Sema uamuzi mmoja papo hapo: “Sawa, nitaupanga kwa saa yalipoingia, na kesho utaona jedwali.” Usirudie swali kwa maneno mengine, maana atasikia kwamba hukuridhika na jibu. Kipande cha Hatua ya 9 ndicho kitakachouliza kwa niaba yako.

Anasema “Nilishakueleza.” Usijitetee wala usimkumbushe alichosema hasa. Toa karatasi ya Hatua ya 1 na useme: “Ndiyo, ninayo hapa. Nahakiki sehemu moja tu: Alhamisi au Ijumaa?” Neno “ndiyo” linazima ubishi kabla haujaanza, na swali fupi linamrahisishia kujibu kuliko kukasirika.

Jibu lake nalo lina mapengo. “Kiwe cha kuvutia kidogo.” Hapa maneno yamefika mwisho wa uwezo wake, yako na yake. Chora nusu ukurasa kwa namna mbili, jedwali upande mmoja na grafu upande wa pili, umpelekee: “Niendelee na upi?” Achague kwa kidole.

Jambo linajirudia kila wiki. Tengeneza orodha yako ya mistari mitano: umbo, urefu, watakaouona, siku, uamuzi unaotegemea kazi hii. Ijaze mwenyewe kila upewapo kazi, na maswali yatoke kwenye mistari iliyobaki mitupu. Usimpelekee meneja fomu aijaze yeye. Nimeona mtu akifanya hivyo kwa nia njema kabisa, na fomu ile ilisomwa kama barua ya malalamiko.

Maelekezo yameachwa wazi kwa makusudi. Wakati mwingine meneja mwenyewe hajaamua. Dalili yake ni kwamba kila “hiki au kile” inajibiwa “vyote viwili” au “tutaona”. Usimbane. Uliza: “Niandae kwa namna zote mbili hadi Jumanne, kisha tubaki na moja?” Umempa muda, na umejiwekea siku ya kupata jibu.

## Wapi njia hii isitumike

Kuna kazi ambazo kisio ni hatari: malipo yanayotoka, usalama wa watu, taarifa za siri za wateja, jambo lenye masharti ya sheria. Hapo usipeleke kisio lililojengwa vizuri likakubaliwa kwa kutikisa kichwa tu. Uliza moja kwa moja: “Malipo haya yaende kwenye akaunti ipi? Nitasubiri jibu lako kabla ya kuyatuma.” Kisha subiri kweli, hata kama anaharakisha, na jibu lije kwa maandishi yake mwenyewe.